Nilivyoisoma 0.85 kama asilimia 85

Ripoti ya kipato cha wafanyabiashara wadogo niliiandika mimi, na kosa lililomo ni langu. Ilisomwa na watu waliokuwa wakipanga mikopo.

Wengi katika data ile walipata laki mbili hivi kwa mwezi, na wachache mno walipata mamilioni. Kwa mkia mrefu namna hiyo, kuchukua logi asilia ya kipato kulikuwa sahihi, na mabaki ya regresheni yalitulia. Nilikosea nilipoyasoma matokeo.

```
lm(log(kipato) ~ umeme + elimu + mtaji_mdogo)
```

Kizigeu cha umeme kilikuwa 0.85. Nikaandika kwamba mwenye umeme dukani hupata asilimia 85 zaidi ya asiye nao. Lakini kinachojumlishwa kwenye logi huzidishwa kwenye shilingi. Nilipaswa kukokotoa `exp(0.85)`, ambayo ni 2.34, yaani ongezeko la asilimia 134. Kama asiye na umeme anapata 200,000, mwenzake anayelingana naye kwa elimu na mtaji anakadiriwa kupata 468,000. Ripoti yangu ilimpa 370,000.

Kilichonipoteza ni kizigeu cha elimu, 0.06 kwa kila mwaka wa shule. Hapo kusoma asilimia 6 hakuna madhara, kwa kuwa jibu kamili ni 6.2. Namba zikiwa ndogo njia ya mkato inafaa. Kwenye 0.20 jibu tayari ni asilimia 22, na kuanzia hapo pengo hupanuka upesi.

Onyo nililipata, nikalikwepa, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Kizigeu cha mtaji mdogo kilikuwa -1.2. Kwa usomaji wangu, mwenye mtaji mdogo alipungukiwa na asilimia 120 ya kipato, jambo lisilowezekana, maana hakuna kipato kinachopungua zaidi ya chote. Badala ya kusimama na kuuliza, niliandika "karibu kipato chote". Jibu la kweli lilikuwa `exp(-1.2)`, yaani 0.30: upungufu wa asilimia 70. Watu wale walibaki na sehemu ya kipato ambayo mimi niliifuta kwa maneno.

Jambo jingine sikulieleza kabisa. Ile mara 2.34 inalinganisha wastani wa kijometri, ambao mara nyingi hukaribia kipato cha mtu wa katikati. Haituruhusu kujumlisha mapato ya soko zima, kwani wale wachache wa mamilioni huvuta jumla juu.

Ukiwa na jedwali la namna hii mezani, kokotoa `exp(b) - 1` kwa kila kizigeu kabla ya kuandika neno asilimia, kisha ufanye vivyo hivyo kwa ncha mbili za kadirio. Zangu za umeme zilikuwa 0.60 na 1.10, yaani ongezeko la kati ya asilimia 82 na 200.