Baba au Dada?

Mwandishi mmoja anayetuletea makala kutoka Ujiji ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili. Awali nilimsahihisha kama wengine, nikifuata maana. Ndipo dada yake, muuza dagaa wa mwalo wa Kibirizi, akatoka gazetini kuwa "baba". Alininunia juma zima. Sentensi ilikuwa na maana kamili, jicho likapita.

Nikaketi na kurasa zake kumi, nikaorodhesha makosa. Mawili ndiyo yaliyojirudia: b na d kubadilishana, na m au n kudondoka mbele yake, "mbegu" ikawa "begu".

Sasa kwanza naweka rula, napanda mstari kwa mstari kutoka chini, ili maana isinichukue, nikitafuta hayo tu. "Begu" nairekebisha mwenyewe. Neno ambalo laweza kuwa sahihi kwa sura zote mbili silibadili. Nalitia penseli, kisha namwomba mwenyewe anisimulie habari bila karatasi. Maana naisoma mwisho.

Juzi karatasi ilisema wazee wako kwenye "bao", nami nikawaona wakicheza. Kumbe walikuwa wamekalia mbao, wakingoja mtumbwi.