Kilo 180

Nilipokuwa karani wa muda katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, kwenye vilima vya Tarime, nilipewa daftari la zamani nilichape lote kwenye kompyuta kabla mkaguzi hajafika asubuhi. Kila ukurasa ulijumlishwa chini, na jumla hiyo ikahamishiwa juu ya ukurasa unaofuata.

Kisa cha msimu ule wote walikijua: ghala lilipungukiwa kilo 180, na mtunza ghala akafukuzwa kama mwizi.

Saa nane usiku, jumla ya kompyuta ilikuwa pungufu ya ile ya daftari kwa kilo 180 zilezile. Nikagawanya kwa 9, nikapata 20 kamili. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 daima. Hiyo ni dalili tu, si ushahidi, kwa hiyo nikapitia kurasa moja moja. Chini ya ukurasa mmoja paliandikwa 4,683. Juu ya uliofuata, 4,863.

Stakabadhi za mizani hadi siku hiyo zilifika 4,683. Kahawa haikuibwa, haikuwahi kuwepo.

Waliokagua walianzia namba ya juu ya kila ukurasa, wakajumlisha, wakakuta hesabu sawa.

Mkaguzi alisaini marekebisho. Mzee yule alikuwa amehamia Serengeti, kwa mwanawe.

“Mambo ya zamani hayo, kijana,” katibu akasema. “Kuna haja ya kumwambia?”

Nikamwomba nauli ya basi hadi Mugumu.