Dakika 17 Zilizonigharimu Usiku Mzima

Wanachuo wenzangu, kompyuta niliyonayo hosteli niliiunganisha mwenyewe nyumbani Rulenge, wilaya ya Ngara, kwenye studio ya kaka yangu. Prosesa ni Ryzen 5 3600, yenye viini 6. Feni ni ile ndogo inayokuja nayo kwenye boksi.

Likizo ya Juni nikapatwa na tamaa. Prosesa hii ikiachwa yenyewe, ina busti ya otomatiki: mara nyingi kwa sekunde inapima joto, umeme na kazi iliyopo, kisha inaamua mwendo. Viini vyote vikifanya kazi, yangu ilikuwa inakimbia gigahezi 4.0 kwa volti 1.25. Mimi nikaingia BIOS, nikaweka `CPU Ratio` 42 na `Vcore` 1.35. Maana yake viini vyote 6 vinafungwa kwenye 4.2, iwe baridi, iwe jua. Nikajaribu kurenda usiku mara mbili, haikuzima. Joto lilipanda kutoka nyuzi 71 hadi 82, ila kwa baridi ya Rulenge usiku, nani anajali? Nikarudi Dar kifua mbele.

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa na video ya sekunde 30 inayozunguka jengo la zahanati, niliyoichora kwenye Blender. Sekunde 30 ni picha 720, na kila picha ilichukua kama nusu dakika, yaani saa 6 kamili. Mwisho wa kukusanya ulikuwa Ijumaa saa 4 asubuhi. Alhamisi saa 3 usiku nikabonyeza, nikalala.

Saa 8 usiku mwenzangu wa chumbani akaniamsha. "Oya, mashine yako imejiwasha upya." Faili la MP4 halifunguki. Saa 5 za kazi, zimekwenda.

Kwanza nikasingizia umeme umekatika. Lakini feni ya mezani ilikuwa bado inazunguka, na mwenzangu alikuwa anachaji simu. Nikafungua Event Viewer. Kulikuwa na Kernel-Power 41, ambayo hutokea hata umeme ukikatika kweli, kwa hiyo haikuniambia kitu. Chini yake ndiyo nikaona WHEA-Logger 18. Hiyo ni prosesa yenyewe inakiri kwamba imekosea hesabu.

Nikachukua karatasi. Umeme unaoliwa na prosesa unapanda kwa mwendo, na kwa volti zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe:

```
(4.2 / 4.0) x (1.35 / 1.25)^2 = 1.22
```

Yaani nimeongeza mwendo asilimia 5, nikalipa umeme asilimia 22, na umeme wote huo unageuka joto. Rulenge hewa ya chumba ilikuwa nyuzi 20. Hosteli usiku ule ilikuwa 31, madirisha yote wazi. Nyuzi 82 ukiongeza 11 unapata 93. Prosesa ikiwa moto hivyo, volti zilizotosha kule zinaweza zisitoshe huku. Otomatiki ingepunguza mwendo kidogo ikaendelea. Mimi nilikuwa nimeikataza.

Mtu atasema, basi ungeongeza volti. Hapana. Ni kweli otomatiki yenyewe hupandisha hadi 1.4 na zaidi, na hilo ndilo linalowadanganya wengi, lakini hufanya hivyo pale kiini kimoja kinapofanya kazi nyepesi na mkondo wa umeme ni mdogo. Kuvibandika viini vyote 6 volti hizo saa nzima nzima, kwenye joto, ni kuichosha prosesa kabla ya umri wake. Na hicho kiini kimoja otomatiki hukifikisha karibu na 4.2 hata hivyo, kwa hiyo kwenye kufungua Chrome au Word sikuwa nimepata chochote. Faida yangu yote ilikuwa kwenye kurenda tu. Saa 6 ukigawa kwa 1.05 unaokoa dakika 17. Saa 5 zangu zilikwenda kwa ajili ya dakika 17!

Saa 8 na nusu nikarudisha kila kitu `Auto`, nikaanza upya, safari hii nikitoa picha moja moja za PNG badala ya MP4, ili ikizima tena nisianze sifuri. Sikulala. Viini vilitulia kwenye 3.95, joto nyuzi 82, na picha ya mwisho ikatoka saa 2 na dakika 35 asubuhi. Kuziunganisha kulichukua dakika chache. Nilikusanya saa 3 na robo, macho mekundu kama nyanya.

Jioni nikampigia kaka, nikamweleza. Akacheka, kisha akauliza, "Mdogo wangu, feni umeipuliza tangu utoke huku?" Sikuwa nimeipuliza. Nilipoifungua, mapezi ya chuma chini yake yalikuwa yamezibwa na vumbi jekundu la Rulenge. Brashi ya kupakia rangi, dakika 10. Joto likashuka nyuzi 6, na otomatiki ikarudi yenyewe kwenye 4.0.