Ujumbe wa Kuomba Radhi

Ugomvi mwingi wa marafiki siku hizi huzaliwa katika simu, nao hutafutiwa dawa katika simu hiyo hiyo. Mtu huandika jioni maneno machache ya kuomba radhi, akayapeleka; na moyo wa mwenziwe, badala ya kulainika, huzidi kuwa mgumu. Ndipo husema kwa mshangao, "Nimekwisha kuomba radhi, ataka nini tena?" Nasi tukiusoma ujumbe wenyewe, mara nyingi twaona ya kuwa aliyeuandika alikuwa akijitetea tangu neno la kwanza, wala hakujua.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe, maana lugha yetu ina mengi ya jambo hili, nayo hayana uzito mmoja. "Pole" tunampa mtu aliyefiwa, au aliyejikwaa kwenye jiwe ambalo si sisi tuliolitia njiani. Basi amwandikiaye rafiki aliyemkosea "pole kwa usumbufu" hujisimamisha pamoja na wapita njia. "Samahani" latosha kwa kumkanyaga mtu mguu ndani ya basi, hata kwa kumwuliza mgeni njia. "Sori" ni jepesi kupita hilo. Lakini "nisamehe" lamwita mwenziwe kwa kazi ambayo yeye peke yake aweza kuifanya, nalo halina mahali pa kujificha. Pengine ndiyo sababu vidole huona tabu kuliandika.

Twatoa mfano wa mama mmoja fundi wa cherehani, jirani yetu, aliyetuletea simu yake tumsaidie. Alikuwa amekopa shilingi 80,000 kwa rafiki yake auzaye dagaa sokoni, akaahidi kuzirudisha Jumanne jioni, kwa kuwa mzigo wa dagaa kutoka Mwanza ulikuwa ulipiwe Jumatano asubuhi. Akazirudisha Jumamosi. Mwenziwe akakosa mzigo ule, akalazimika kununua magunia mawili kwa mfanya biashara wa soko lile lile, na kila gunia akaongezwa shilingi 6,000. Tangu siku ile hawakusemezana. Ujumbe alioutunga fundi ulikuwa huu:

"Samahani rafiki yangu kama nilikukwaza. Pesa zilichelewa kwa sababu mteja hakunilipa, na hali waijua. Sikukusudia. Lakini na wewe ungenipigia simu kabla ya kumweleza dada yangu. Tusameheane yaishe."

Kwa haraka ni ujumbe wa upole. Tukausoma pamoja naye kama asomavyo mtu aliyepoteza fedha. Neno "kama" linatia shaka jambo lisilo na shaka. Mwenziwe alikwazika, na soko zima lajua. "Pesa zilichelewa": tazameni jinsi pesa zinavyotembea zenyewe, wala hakuna mtu aliyezichelewesha. Lugha yetu ni hodari kwa hila hii. Kikombe huvunjika, ahadi husahaulika, siri hutoka, wala hutamwona aliyevunja, aliyesahau, wala aliyetoa. "Sikukusudia" ni kweli, lakini hakuna aliyemshitaki kwamba alikusudia. Na "lakini na wewe" ni hukumu; baada ya neno hilo yote yaliyotangulia yamefutika. Mwisho "tusameheane" lagawanya kosa nusu kwa nusu, kana kwamba muuza dagaa naye alikopa asirudishe.

Fundi alijibu kwa uchungu kidogo, "Lakini ni kweli mteja hakunilipa! Nami niseme uongo?" Swali lake ni jema, wala halipaswi kupitwa upesi. Sababu ya kweli si haramu. Shida ni mahali inapowekwa. Ikikaa mbele, humwambia msomaji, "Usinikasirikie mimi, mkasirikie mteja." Basi tukamwuliza, "Ulijua lini ya kuwa mteja hatakulipa?" Akafikiri, akasema, "Jumatatu mchana." "Nawe ulimwambia rafiki yako lini?" Akanyamaza. Hapo ndipo tulipolipata kosa lenyewe. Mteja alikuwa na kosa la kutolipa. Lakini kunyamaza tangu Jumatatu hata Jumamosi kulikuwa kwake fundi. Kama angalisema Jumatatu ile ile, mwenziwe angalikuwa na siku nzima na zaidi ya kukopa kwingine. Nasi twadhani ujumbe mwingi wa kuomba radhi hushindwa kwa sababu hii: mtu huombea radhi jambo lile lililo na kisingizio kizuri, akaliacha lile lisilo nacho.

Wako wataalamu wa Amerika, Roy Lewicki na wenzake wawili, waliochapa mwaka 2016 uchunguzi juu ya sehemu sita za maombi ya radhi. Waliona ya kuwa sehemu yenye nguvu kupita zote ni mtu kukiri kwamba kosa ni lake, na ya pili ni kujitolea kutengeneza kilichoharibika. Yenye nguvu ndogo kupita zote ilikuwa lile ombi la kusamehewa. Jambo hili lafaa kuwazwa, maana wengi wetu huandika ombi hilo peke yake.

Baada ya kuandika na kufuta mara tatu au nne, fundi alibaki na maneno haya:

"Rafiki yangu, nilikuahidi pesa Jumanne nikazileta Jumamosi. Tangu Jumatatu mchana nilijua sitazipata, nami niliona haya kukuambia, nikanyamaza. Kwa ajili yangu ulikosa mzigo, ukaongezwa 12,000 kwa magunia yale. Kosa ni langu. Hiyo 12,000 nitakulipa, 6,000 Jumamosi hii na 6,000 Jumamosi ijayo. Nisamehe."

Mteja ametoka kabisa. Muuza dagaa akitaka kujua, atauliza. Dada naye ametoka. Ikiwa fundi ana neno juu ya dada yake kuambiwa, ni shauri lingine la siku nyingine. Neno la haya limebaki, kwa kuwa laeleza kunyamaza kwake bila kumtupia mtu mwingine mzigo. Na fedha tulimshauri azigawe mara mbili, maana tulimwuliza kwanza kama aweza kupata 12,000 kwa Jumamosi moja, akasema hawezi. Ahadi ya pili ikivunjika, hakuna ujumbe utakaoiponya.

Aliogopa urefu wake, kwa kuwa simu ndogo huhesabu herufi 160 kwa ujumbe mmoja, na huu ulizidi. Tulimwambia auache uende kama jumbe mbili au tatu, alipie. Kufupisha kungaliondoa hasa zile siku na ile hesabu, yaani yale yaliyoonyesha ya kuwa amefahamu alichomtendea mwenziwe.

Aliupeleka mchana, saa ambayo soko limetulia. Hatukumruhusu kuongeza "nijibu basi" wala kutuma "umeuona?" baada ya saa moja, mwenye kukosewa hudaiwa nini hata aharakishwe? Siku ile hakujibiwa. Siku ya pili vile vile, naye akatujia mara mbili kwa wasiwasi, akitaka kuandika tena, tukamzuia.

Jumamosi alifunga 6,000 katika leso akaenda sokoni mwenyewe. Muuza dagaa akazipokea, akazihesabu mbele yake, noti kwa noti, akasema, "Na ile ya Jumatatu, mbona hukuniambia?" Fundi akajibu, "Niliona haya." Yule akamsogezea kigoda.