Pamba Tupu au Tetroni? Namna ya Kukijua Kitambaa Kabla ya Kukipeleka kwa Fundi

Kila Ramadhani ikaribiapo, wazazi huzunguka madukani kutafuta vitambaa vya nguo za Idi, na kila jora litandazwapo juu ya meza husikia neno lile lile: "Hii ni pamba tupu." Twapenda kueleza hapa namna ya kulipima neno hilo, kwani kitambaa kikisha kukatwa hakirudi dukani.

Jambo la kwanza ni kukifumbata kitambaa kwa nguvu, ukahesabu hata 30, kisha ukakiachia. Pamba hubaki na makunyanzi mengi. Nguo ya polista, yaani ile ya uzi uliotengenezwa kwa mafuta ya petroli, hujinyosha yenyewe. Ile iliyochanganywa, ambayo wengi wetu twaiita tetroni, hubaki na makunyanzi hafifu. Lakini dalili hii haitoshi, kwa kuwa ipo pamba iliyotiwa dawa ili isijikunje.

Hakika hupatikana kwa moto. Mwombe mwenye duka ruhusa ya kuchomoa nyuzi chache ukingoni, za urefu kando na za upana kando, kwani huenda upande mmoja ukawa pamba na wa pili usiwe. Usizichome dukani. Nyumbani, zisokote, uzishike kwa kibanio juu ya sahani yenye maji, kisha uwashe ncha. Pamba hushika moto upesi, hunuka kama karatasi inayoungua, na jivu lake ni laini la kijivu, likiguswa hupukutika. Polista hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha donge gumu lisilovunjika kwa vidole. Matone yake huunguza ngozi vibaya, basi watoto wakae mbali. Tetroni huwaka kama pamba, hata harufu ya karatasi ikasikika, lakini ndani ya jivu utakuta vipande vigumu. Hivyo ndivyo vinavyoifichua.

Mzazi mmoja wa madrasa yetu alituletea wari 12 za kitambaa cheupe, alizouziwa kwa bei ya pamba tupu ili awashonee wanawe kanzu. Tulipochoma nyuzi za urefu tuliona jivu lenye vidonge vigumu, na za upana vile vile. Basi ilikuwa tetroni. Tulimshauri asikikate, bali akirudishe pamoja na ule uzi ulioungua. Mwenye duka alipouona hakubishana. Alimrudishia tofauti ya bei. Kanzu zikashonwa kwa kitambaa kile kile, maana tetroni si kitu kibaya: hukauka upesi na haihitaji kupigwa pasi sana. Ila huzuia jasho kuliko pamba, na pasi yake iwe ya moto wa wastani. Ubaya ulikuwa katika jina na bei.

Moto nao una mpaka wake. Hauwezi kukwambia katika mchanganyiko pamba ni kiasi gani. Tena iko nyuzi ya viskozi, itokanayo na miti, ambayo huungua sawasawa na pamba. Hiyo ipime kwa maji: lowesha uzi katikati, kisha uuvute. Viskozi hukatika pale palipolowa, kwa kuwa maji huidhoofisha. Pamba haidhoofiki kwa maji.

Ama kitenge cha nta, kwanza kigeuze. Kwa kuwa nta hutiwa pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi, nyuma na mbele hukaribia kuwa sawa. Kilichopigwa chapa upande mmoja huwa na mgongo uliopauka. Kisha tazama vile vijistari vyembamba mfano wa nyufa, ambavyo hutokea nta inapopasuka na rangi ikapenya. Tafuta ua moja, kisha tafuta mwenziwe mbele kidogo katika jora. Katika nta ya kweli nyufa za ua hili hazifanani na za lile. Zikifanana barabara, zimechorwa na mashine. Wala usitosheke na maandishi ya ukingoni, kwani hata juu ya polista huweza kupigwa chapa yale yale. Chomoa uzi, uchome.

Mtume (s.a.w.) alipotia mkono wake katika lundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta umaji ndani, alimwuliza mwuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Mwuza nguo naye, akisema "hii ni tetroni," amekwisha uweka umaji juu ya lundo, na mnunuzi atachagua kwa hiari yake.

Wabillahi taufiq.