Ukuta Unaobomolewa na Mwenyewe

Hapa hosteli kwetu, anayefungwa bakgamoni anaosha sufuria za wote. Ndiyo maana sishangilii mtu akijenga ukuta.

Ukuta ni pointi sita zinazofuatana, kila moja ikiwa na kete zako mbili au zaidi. Dadu inaishia sita, kwa hiyo kete ya mpinzani iliyo nyuma yake hairuki. Ukuta ukiwa nyumbani kwako, pointi ya 1 hadi ya 6, kete yake uliyoipiga haina pa kuingilia. Kasheshe inaanza ukianza kutoa kete zako, maana sasa unaubomoa mwenyewe.

Chukua hii: una kete tatu pointi ya 6, na mbilimbili kwingine. Ukirusha 6 na 5, moja inatoka pointi ya 6, halafu ile 5 uicheze utakavyo, kete moja itabaki peke yake. Mpinzani ana mirusho 11 kati ya 36 ya kuipiga. Lakini zingekuwa mbilimbili kote, ungetoa moja, ya pili ungeishusha pointi ya 1, na pointi ya 6 ingebaki tupu bila hatari.

Basi kete za ziada zipeleke pointi za chini, acha za nyuma zikiwa shufwa, na uanze kuondoa nyuma. Usiwe na haraka: mpinzani akiwa bado amefungiwa, hasogei. Akishatoka na kukupita, hapo kimbia.