Ukurasa wa Pili

Barua ya benki husomwa kwa hofu. Mtu akiona jina la benki juu yake, moyo humwenda mbio kabla macho hayajafika mstari wa kwanza. Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga alipata barua ya namna hiyo kwa baruapepe, alasiri ya Jumatatu. Asubuhi yake alikuwa amepeleka fomu ya kuomba dola 1,200 zitolewe katika akaunti yake ya dola, zipelekwe kwa chuo kimoja cha Pune, nchini India, kulipa ada ya binti yake. Siku ya mwisho ya malipo ilikuwa imebakiza siku kumi.

Jibu la afisa wa benki lilikuwa fupi: "Ndugu Mteja, tumepokea fomu yako leo saa nne asubuhi. Ukurasa wa kwanza umefika na unasomeka. Ukurasa wa pili, wenye sahihi yako, haumo. Tafadhali tuletee upya fomu nzima, kurasa zote mbili katika faili moja. Fedha zako hazijaguswa."

Sentensi ya mwisho haikuwa ya lazima, lakini ndiyo iliyokuwa bora kupita zote. Mtu akiambiwa kuwa karatasi zake zina upungufu, swali lake la kwanza si juu ya karatasi. Huuliza fedha ziko wapi.

Hata hivyo mwalimu alikasirika. Alifungua mtoto wa meza, akaitoa fomu, akaiona imejaa wino mbele na nyuma. Karatasi ilikuwa moja tu, naye aliipeleka; itapungukaje? Hapa ndipo lugha ilipowapitisha njia mbili. Karatasi moja ina kurasa mbili, na mwalimu alihesabu karatasi wakati afisa alihesabu kurasa. Lau barua ingalisema "upande wa nyuma", hasira hiyo isingalizaliwa.

Kosa lilitendeka katika duka la vifaa vya maandishi. Skana ya pale huvuta karatasi na kupiga picha ya upande mmoja, isipokuwa imeamriwa kupiga pande zote mbili. Kijana wa duka hakuiamuru. Upungufu wa namna hii ni mgumu kutambuliwa, maana hauachi pengo: faili hufunguka vizuri, na picha iliyomo ni safi. Dalili ilikuwa chini kabisa ya picha, katika herufi ndogo: "Ukurasa 1 kati ya 2". Baada ya maneno hayo faili lilikwisha.

Mwalimu alipiga simu. Afisa, binti wa umri wa wanafunzi wake wa zamani, alimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Aliitikia marahaba, akauliza kwa nini asipeleke ukurasa uliopungua peke yake, maana wa kwanza wanao tayari.

"Ukurasa wa kwanza ndio wenye kiasi na jina la anayelipwa, Mzee," alijibu. "Sahihi yako iko wa pili. Tukikubali sahihi ije peke yake, mtu mwingine naye aweza kuipata akaiweka nyuma ya ukurasa wa kwanza alioujaza mwenyewe."

Mwalimu alinyamaza. Alikuwa amesahihisha mitihani miaka mingi, na hila ya kubadili ukurasa wa mbele haikuwa ngeni kwake.

Kabla hajarudi dukani aliusoma ukurasa wa pili, kazi ambayo hakuifanya vema mara ya kwanza. Ulidai sababu ya malipo na asili ya fedha, alikuwa amejaza. Halafu palikuwa na visanduku vitatu vya gharama: OUR, SHA na BEN. Alikuwa ametia alama katika SHA kwa kuwa kilikuwa katikati. Alipiga simu tena. Afisa alimweleza kuwa kwa SHA mpelekaji hulipa gharama za benki yake tu. Benki nyingine zilizo njiani, pamoja na ya mpokeaji, zaweza kukata zao katika fedha zenyewe. Chuo kingepokea pungufu ya dola 1,200, na pungufu hiyo ingehesabiwa kuwa deni la mwanafunzi. Kwa OUR, mpelekaji huzibeba gharama zote.

Mwalimu alitaka kufuta alama ile na kutia nyingine. Afisa alimshauri ajaze fomu mpya, kwa kuwa penye mfuto benki ingemwandikia tena kutaka uthibitisho. Alijaza, akatia sahihi, akarudi dukani. Safari hii alisimama nyuma ya kijana mpaka faili likafunguliwa, akahesabu kwa kidole: moja, mbili. Ndipo akaruhusu lipelekwe.